Rubani akisema "vuta nusu", ni nusu ya nini?

Juzi kijana mmoja aliyeanza kazi kwenye tagi, meli ndogo inayovuta meli kubwa bandarini, alinitumia ujumbe: "Kapteni, shikamoo. Rubani akisema vuta nusu, nusu ya nini? Nikiuliza wenzangu wananicheka."

Marahaba. Waache wacheke. Wengi wao hawajui jibu, na nimeshawaona wakitoa jasho ubavuni mwa meli kwa sababu hiyo.

Rubani, yule anayeiongoza meli kuingia bandarini, anataka nusu ya nguvu ya kuvuta. Kama tagi yako inaweza kuvuta tani 60, yeye kichwani ameshahesabu tani 30. Wewe ukipunguza mizunguko ya propela hadi nusu, hujampa tani 30. Nguvu ya propela hupanda na kushuka kwa mraba wa mizunguko, kwa hiyo nusu ya mizunguko inatoa robo tu, kama tani 15. Nusu ya kweli iko karibu na asilimia 70 ya mizunguko. Hili hakuna aliyenifundisha. Nililikokotoa mwenyewe, na bado najivunia.

Lina uzito gani? Tulikuwa tukiingiza meli ya makontena bandari ya Kilindini, Mombasa, wakati wa kusi. Pale Likoni, ambapo feri hukata njia ya meli na watu wamejaa, tagi moja ilikuwa imefungwa tezini iwe breki. Tulipita salama, sehemu hiyo nairuka. Kazi ilikuwa gatini. Gati ziko upande wa kaskazini, kwa hiyo kusi huisukuma meli iende ukutani. Mimi nilifungwa ubavuni upande wa nyuma, mwenzangu upande wa mbele, sote upande wa maji, tuizuie isilale gatini kwa kishindo.

Fanya hesabu hii nami. Chukua kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde, izidishe kwa yenyewe, gawanya kwa 18: unapata tani kwa kila mita za mraba 1,000 za ubavu. Upepo ulikuwa noti 20, yaani mita 10 kwa sekunde. Mia moja kwa 18 ni tani 5.5 hivi. Meli ile pamoja na makontena yake ilikuwa na ubavu wa mita za mraba 6,000 hivi, basi ni tani 33. Tagi mbili, kila moja tani 17, tunaishikilia. Kisha likaja dharuba la noti 30. Upepo haujafika hata maradufu, lakini hesabu inasema tani 75.

Rubani alikuwa kwenye bawa la chumba cha usukani, juu sana. Kwa sheria nahodha wa meli bado ndiye mwenye dhamana, lakini amri za tagi, mashine na usukani zinatoka kwa rubani, na kutoka pale juu hakuniona. Tumbo la meli lilinificha. Akaita jina la tagi yangu kwanza, kama inavyotakiwa, maana tagi zote husikiliza chaneli moja na amri isiyo na jina huzisogeza mbili: "Vuta nusu." Nikarudia jina na amri, nikavuta. Nyuma ya meli ikazidi kukaribia gati.

Nilijua kwa nini. Kamba yangu ilikuwa fupi, maji ya propela yakawa yanapiga ubavu wa meli na kuisukuma kule kule nilikokuwa nikiitoa. Nikasema redioni: "Rubani, nipo nusu, lakini maji yangu yanapiga ubavu. Naomba kurefusha kamba." Akamwamuru mwenzangu avute kwa nguvu zote, mimi nikalegeza mashine, nikatoa kamba kwa winchi, nikavuta tena. Meli ikagusa mpira wa gati polepole, chini ya sentimita 10 kwa sekunde.

Kwenye pongezi za siku ile tagi hazikutajwa. Sawa, nimezoea, ingawa naona nimeandika hapa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kurudia amri ni nusu ya kazi. Rubani anaitegemea namba ambayo wewe peke yako unajua kama inafika. Usinyamaze kwa heshima. Kabla ya kufunga kamba, muulize redioni nusu yake ni tani ngapi. Rubani mzuri atajibu, na asiyejibu umeshamjua.

Na usilegeze eti kwa kuwa kamba za meli zimeshavishwa kwenye nguzo za gati. Unashikilia hadi jina la tagi yako litajwe na uambiwe uachie. Hapo waombe mabaharia wa meli waishushe kamba yako taratibu kwa kamba nyembamba, huku winchi yako ikiivuta. Wakiitupa majini, itaingia kwenye propela.