Jasho la usiku bila homa: ni bati, TB au hedhi inayokoma?

Swali: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 47, naishi Mbagala. Tangu mwezi wa kwanza naamka usiku nimelowa chapachapa, mpaka nabadilisha gauni la kulalia na shuka. Homa sina, nikipima asubuhi inasoma 36.4, na malaria nimepima hakuna. Hedhi inarukaruka, mara miezi miwili sijaona kitu. Nguo zimeanza kunipwaya kidogo. Kichwa huwa kinauma jioni, kwa hiyo nalala nimemeza panado mbili. Mume wangu anasema ni joto la bati, mama mkwe anasema ni utu uzima, jirani anasema nikapime TB. Nimsikilize nani?

Jibu: Dada, mama mkwe wako huenda ndiye aliyepatia, ila jirani ndiye wa kusikilizwa kwanza. Hedhi inayokoma inaweza kusubiri wiki mbili bila kukudhuru. TB haipaswi kusubiri, maana ikiwa ipo unaishi nayo nyumba moja na watoto na mume.

Hiyo "homa sina" bado sijaikubali. Joto la mwili halikai mahali pamoja siku nzima: hushuka chini kabisa karibu na saa kumi alfajiri na hupanda juu kabisa alasiri kuelekea jioni. Homa ya TB nayo ina tabia ya kupanda jioni, halafu usiku mwili unaishusha kwa kutoa jasho. Ukija kupima asubuhi unakuta kazi imeshakwisha, na 36.4 yako inaeleza asubuhi tu. Juu ya hapo umemeza panado mbili wakati wa kulala. Panado hushusha homa kwa saa nne hadi sita, na huishusha kwa kuutoa jasho mwili. Yaani dawa hiyo hiyo inaweza kuwa inaificha homa na papo hapo inakulowesha.

Kwa hiyo wiki moja fanya hivi. Acha panado ya usiku. Kichwa kikizidi, meza mchana na uandike saa uliyomeza. Pima joto kila siku saa kumi na moja jioni, kabla hujaingia jikoni na kabla hujaoga, kwa sababu jiko na maji vyote huharibu kipimo. Pima tena usiku ukiamka umelowa. Hapo kausha kwapa kwa taulo, bana mkono dakika kadhaa, ndipo uweke kipimajoto na usubiri kilie. Kile cha kuelekeza kwenye paji la uso usikitumie usiku, kwani ngozi yenye jasho imepoa na itakudanganya kwa kusoma chini. Kwapani, kuanzia 37.5 hesabu kwamba ni homa. Andika kwenye daftari: saa, joto, na jasho lilivyokuja.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko wengi wanavyodhani, na ndilo litakalotusaidia kumjibu mume wako. Jasho la chumba huanza ukishajilaza, linatiririka taratibu bila kupanda wala kushuka, na huwa baya zaidi mwanzo wa usiku kuta zikiwa bado za moto. Bati lenyewe ni jembamba, jua likizama linapoa upesi. Kinachotunza joto ni tofali, na hewa iliyofungiwa juu ya dari. Kufikia alfajiri chumba kimepungua makali. Mtu anayeamka ghafla saa nane au saa tisa amelowa, baada ya kulala vizuri saa tatu nzima, sina haraka ya kumlaumu fundi wa paa. Tena mume wako yuko kitanda hicho hicho, ndani ya neti hiyo hiyo, na hujasema kama naye anaamka amelowa. Kama analala mkavu, hoja yake imepungua nguvu, ingawa haijafa, maana watu hatutoi jasho sawa.

Kulithibitisha ni rahisi. Lala siku tatu sebuleni kwenye mkeka, feni ikipuliza, umejifunika kanga tu, bila godoro la sponji, kwani sponji hurudisha joto mgongoni. Ukikauka, mume ameshinda na tatizo ni la madirisha. Ukilowa vile vile, suala la bati tulifunge.

Sasa mama mkwe. Katika umri wako ovari haziachi kazi siku moja. Zinafanya kazi kwa kusuasua kwa miaka kadhaa, mwezi huu homoni ya estrojeni iko juu, mwezi ujao iko chini, na hedhi ndiyo hiyo inayorukaruka. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayosimamia joto la mwili. Kwa kawaida inavumilia joto kupanda au kushuka kidogo bila kufanya lolote. Estrojeni ikiyumba, uvumilivu huo unakuwa mwembamba sana, na joto likipanda kidogo tu, kiasi ambacho kipimajoto chako hakitakionyesha, ubongo unatoa amri kana kwamba umesimama juani. Mishipa ya damu kwenye ngozi inafunguka na jasho linamwagika.

Wanawake wanalieleza kwa namna inayofanana sana. Joto linaanzia kifuani, linapanda shingoni na usoni, moyo unaenda mbio kidogo, kisha jasho. Ndani ya dakika chache, mara nyingi moja hadi tano, limepita, halafu unasikia baridi na kuvuta shuka uliyoitupa. Linaweza kurudi mara mbili tatu usiku mmoja. Wengi hulipata mchana pia, sokoni au kanisani, ghafla unajipepea wakati wenzako wametulia. Ukiwa na mawimbi ya mchana namna hiyo, hedhi ikiruka, na una miaka zaidi ya 45, hakuna haja ya kulipia kipimo cha damu cha homoni. Homoni hizo hupanda na kushuka wiki hadi wiki, na jibu la siku moja huwapoteza watu. Angekuwa mwanamke wa miaka 38, ningesema tofauti na ningepima.

Lakini kuna jambo ambalo kukoma hedhi hakulielezi: nguo kupwaya. Wanawake wengi wa umri huo hunenepa kiunoni, hawakondi. Kapime uzito na ulinganishe na kadi yoyote ya zamani yenye kilo zako, hata ya kliniki ya presha. Tuseme ulikuwa na kilo 70 na sasa ni 66, bila kufunga wala kupunguza chakula. Umepoteza zaidi ya asilimia 5, na mimi hapo siulizi tena kuhusu hedhi, naandika vipimo.

Kituo cha afya watakuuliza maswali manne ya TB: kikohozi, homa, kupungua uzito, na jasho la usiku. Jasho unalo, na uzito huenda umepungua. Hiyo inatosha kuchunguzwa hata kama hukohoi, na vipimo na dawa za TB katika vituo vya serikali hutolewa bure. Kama unakohoa hata kidogo, ukilisingizia vumbi la barabara, sema. Ukitakiwa kutoa makohozi, toa ya asubuhi ukiamka. Sukutua kwa maji matupu, nenda nje penye hewa, vuta pumzi ndefu mara mbili, ya tatu kohoa kutoka kifuani. Kinachotakiwa ni kile kizito, si mate. Mate ndiyo yanayoleta majibu ya "hakuna" kwa mtu mwenye ugonjwa. Omba yapimwe kwa mashine inayotafuta vinasaba vya vimelea. Yenyewe hutumia saa mbili hivi, ingawa foleni inaweza kukuletea majibu kesho. Kwa mtu asiye na makohozi tutapiga picha ya kifua, na nitampapasa shingoni, kwapani na kinenani, kwa sababu TB inaweza kukaa kwenye tezi bila kugusa mapafu. Tezi ngumu isiyouma, inayoendelea kukua, inachukuliwa kipande na kupimwa. Nyingine ni TB, nyingine ni saratani ya tezi, na kwa vidole huwezi kuzitofautisha. Pima na virusi vya ukimwi siku hiyo hiyo, hata kama ulipima mwaka juzi.

Kipimo kingine ninachoongeza kwa mtu anayekonda huku anakula vizuri ni cha tezi ya shingo, ile ya thairoidi. Inapozalisha kupita kiasi, joto halimwachi hata mchana, mikono inatetemeka, moyo unakimbia amekaa. Na kama una kisukari na unatumia insulini au glibenklamidi, jambo ambalo hukulitaja, basi kabla ya kitu chochote pima sukari ukiwa umelowa hivyo usiku. Chini ya 3.9 ni sukari iliyoshuka. Kunywa soda ya sukari au maji yenye vijiko vitatu vinne vya sukari hapo hapo, na kesho yake muone daktari wako apunguze dozi. Dawa za sonona nazo hutoa jasho, kwa hiyo beba pakiti zote unazomeza.

Daftari lako litakuja na moja ya sura hizi. Jioni tano kati ya saba 37.6 au 37.8, kilo zimeshuka: tuko upande wa TB na ndugu zake, na usingoje wiki iishe, nenda siku unapoiona hiyo homa ikijirudia. Joto halivuki 37.2 hata saa ya jasho, kilo ni zile zile na nguo zilikuwa zimelegea tu, mawimbi ya dakika chache usiku na mchana: mama mkwe amepatia. Ukikohoa damu, ukishindwa kupumua vizuri au ukipata homa kali, daftari liache nyumbani, nenda leo.

Ikiwa ni hedhi, dawa ipo. Feni, shuka ya pamba na kuacha pombe usiku husaidia kidogo. Kinachofanya kazi kweli ni homoni zenyewe, estrojeni pamoja na projesteroni kwa kuwa una kizazi, maana estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa kizazi na inaweza kuleta saratani. Hatumpi aliyewahi kupata saratani ya titi, damu kuganda miguuni au mapafuni, wala anayetokwa damu ukeni bila sababu kujulikana. Kwa hao zipo dawa zisizo za homoni.

Na hiyo miezi miwili usiyoona hedhi, kabla hujaiita utu uzima, nunua kipimo cha mimba cha mkojo. Katika miaka 47 yai bado linaweza kutoka bila kukupa taarifa, na homoni za kutuliza jasho hazizuii mimba. Njia ya uzazi wa mpango endelea nayo mpaka ipite miaka miwili mfululizo bila kuona damu. Hedhi ikikoma baada ya miaka 50, mwaka mmoja unatosha.