Kusoma mwaka wa gari kwenye namba ya chasi

“Accord ninayotaka kununua ina namba 1HGCM82633A004352. Muuzaji anasema ni ya 2006. Namba hiyo inasemaje?”

Ndugu, mwaka wa modeli husomwa kwenye nafasi ya 10, ambayo hapo ni 3, yaani 2003. Ile 6 iliyo nafasi ya 8 haihusiani na mwaka, kwa kuwa nafasi ya 4 hadi ya 8 hueleza modeli, bodi, injini na daraja la gari.

Alama za mwaka hurudi kila baada ya miaka 30, hivyo A ni 1980 na pia 2010. Kwa magari madogo ya soko la Marekani, nafasi ya 7 ikiwa tarakimu, mwaka ni wa kabla ya 2010. Ikiwa herufi, ni 2010 au baadaye.

Herufi 1HG zinamtambulisha Honda wa Marekani, A ya nafasi ya 11 ni kiwanda cha Marysville, Ohio, na 004352 ni namba ya mfululizo ya gari lenyewe. Nafasi ya 9 ni tarakimu ya ukaguzi inayokokotolewa kutokana na nyingine zote. Nimeikokotoa nikapata 3, kwa hiyo namba imeandikwa sawasawa, ingawa hilo pekee halithibitishi kwamba ni ya gari hilo. Ilinganishe na iliyogongwa kwenye bodi na iliyo kwenye kadi.

Usitumie njia hii kwa magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani: namba inayoanza na NZE121, kwa mfano, haibebi mwaka.