Ukiacha kazi katikati ya muhula, ahidi usahihishaji utakaoumaliza

Barua yangu ya kwanza ya kuacha kazi ilirudi. Nilikuwa nimeandika kwamba "nipo tayari kukabidhi majukumu yangu yote kabla ya kuondoka." Mkuu wa shule alipigia mstari neno "yote", akaniuliza: mitihani ya wiki ya nane atasahihisha nani? Sikuwa na jibu.

Nilikuwa nafundisha Biolojia mikondo mitatu ya kidato cha pili, wanafunzi 126. Mkataba wangu ulidai notisi ya siku 30. Angalia wako unasemaje, na kama haujafafanua, uliza siku zinaanza kuhesabiwa lini. Kwetu zilihesabiwa kuanzia kesho yake baada ya barua kupokelewa. Barua ya pili ilipokelewa tarehe 4 Mei, kwa hiyo siku yangu ya mwisho ilikuwa 3 Juni. Mtihani ulikuwa 27 Mei.

Hapo ndipo nilipochukua kalamu na kupiga hesabu. Sehemu A, ya kuchagua jibu, hunichukua kama dakika mbili kwa mwanafunzi. Sehemu B, ya majibu mafupi, dakika sita. Sehemu C, ya insha, dakika tano. Jumla ni dakika 13, mara 126, yaani zaidi ya saa 27. Kuanzia 28 Mei hadi 3 Juni nilikuwa na siku saba, na kwa saa mbili na nusu kila siku napata saa 17 na nusu. A na B pekee zinataka karibu saa 17. Insha hazingeingia.

Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kusahihisha mikondo miwili na kumwachia mwenzako wa tatu. Mimi nalikataa. Kila mwalimu ana mkono wake, mmoja mzito, mwingine mwepesi, na mkondo mzima unaweza kupanda au kushuka kwa sababu ya kalamu tu, si kwa sababu ya wanafunzi. Gawanyeni kwa maswali: mtu mmoja asahihishe swali lile lile kwa wanafunzi wote. Mkono ukiwa mzito, utakuwa mzito kwa wote.

Basi barua ya pili ilisomeka hivi:

"Naomba kuacha kazi. Siku yangu ya mwisho itakuwa 3 Juni, baada ya notisi ya siku 30. Hadi siku hiyo nitaendelea na vipindi vyangu vyote. Kufikia 20 Mei nitamkabidhi mwalimu utakayemteua azimio la kazi likionyesha mada ambayo kila mkondo umefikia, daftari la alama na vitabu vya somo kwa idadi. Mtihani wa 27 Mei nitautunga pamoja na mwongozo wa kusahihisha. Nitasahihisha sehemu A na B kwa wanafunzi wote 126. Sehemu C naomba isahihishwe na mwalimu anayepokea; karatasi kumi za kwanza tutazisahihisha pamoja. Karatasi zote zitabaki shuleni."

Sababu ya kuondoka sikuiandika. Aliyetaka kuijua aliniuliza ana kwa ana.

Zile karatasi kumi zilitusaidia kuliko nilivyotarajia. Kwenye insha ya tatu mwenzangu alitoa alama 11 kati ya 30, mimi 17. Kumbe mwongozo wangu ulisema "hoja tano, alama sita kila moja" bila kueleza anayetaja hoja asiifafanue apewe nini. Tukakubaliana: kutaja alama mbili, kufafanua nne. Niliongeza mstari huo kwenye mwongozo, tukarudia zile tatu za mwanzo.

Daftari la alama nalo lina mtego wake. Jaribio langu moja lilikuwa la alama 40, jingine la 25, na vichwa vya safu havikusema. Mgeni angeziona alama za lile la 25 akadhani darasa limeanguka. Andika juu ya kila safu "kati ya ngapi" na tarehe. Mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani aandikiwe "hakuwepo", si 0, maana sifuri itaingia kwenye wastani na hakuna atakayejua kuwa siku ile alikuwa mgonjwa. Mimi nilikuwa na sifuri nne za namna hiyo. Mbili sikukumbuka tena zilikuwa za nini, ikabidi niwaulize wanafunzi wenyewe.

Siku ya kukabidhi tulihesabu karatasi mkondo kwa mkondo: 43, 42 na 39. Mbili hazikuwepo kwa kuwa wenyewe hawakufanya mtihani, na tuliandika hivyo. Tulitia saini nakala mbili, moja ikaenda kwenye faili la shule, nyingine nikaondoka nayo.