Uliificha kolamu, hukuifuta

Juzi dada mmoja anayeuza vipodozi kwa oda hapa Tanga aliniandikia: "Kaka, kuna mtu anataka kunikopesha mtaji, ameomba orodha ya wateja aone biashara inavyokwenda. Nimeficha kolamu ya simu kwenye Excel, nikafunga shiti kwa neno la siri. Nitume?" Sikumjibu kwa meseji, nilimpigia. Nikamwambia usitume, dada yangu, subiri kwanza nikueleze yaliyonipata.

Kolamu iliyofichwa ipo palepale, ni upana wake tu umefanywa sifuri. Anayepokea anachagua kolamu za pande zote mbili, anabonyeza kulia, anachagua `Unhide`, namba zote hizo hapo. Neno la siri la shiti nalo huzuia mtu kubadilisha, halifungi maandishi yenyewe ndani ya faili. Hayo nadhani wengi wenu mnayajua, na mimi niliyajua. Yaliyoniponza ni ya ndani zaidi.

Mwaka juzi nilikuwa natunza kumbukumbu za duka la gesi la mjomba wangu, Ngamiani, Barabara ya 14. Shiti yetu niliiita WATEJA. Ilikuwa na mistari 412, kila mteja na mstari wake: jina, simu, mtaa, aina ya mtungi, idadi ya mitungi aliyochukua kwa miezi mitatu, na deni. Niliijenga usiku baada ya usiku kutoka kwenye madaftari matatu yaliyochakaa, na nasema bila kuona haya kwamba sikuona duka jingine la gesi pale mtaani lenye hesabu safi kama zetu.

Msambazaji wetu wa jumla akataka kujua mitungi inakwenda mitaa gani, apange njia ya gari lake. Ombi la haki kabisa. Alihitaji mtaa, aina ya mtungi na idadi, basi. Nikatengeneza PivotTable, jedwali la Excel linalojumlisha mistari kwa makundi, kwenye shiti mpya: Makorora, Chumbageni, Mabawa na Raskazone upande wa kushoto, kilo 6 na kilo 15 juu, jumla kuu chini. Kisha, kwa kuwa nilijua kuficha hakutoshi, shiti ya WATEJA nikaifuta kabisa. Nikatazama chini ya skrini, imebaki shiti moja tu yenye jumla za mitaa. Nikatuma, nikalala.

Wiki ya pili wateja wetu wakaanza kupata meseji kutoka kwa mtu wasiyemjua, anawaahidi gesi mlangoni kwa bei ya chini. Halafu akaja mama mmoja wa Makorora, mteja wetu tangu duka lilipofunguliwa. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Akasema, "Mwanangu, deni langu la elfu ishirini na nne limefikaje kwa watu nisiowajua? Nimepigiwa simu naambiwa kama nadaiwa huko, nihamie kwao." Dukani walikuwamo watu watano. Sikuwa na neno.

Nilikwenda kwa msambazaji. Kijana wa ofisini kwake alinionyesha bila kusita. Alifungua faili langu, akabonyeza mara mbili juu ya ile namba ya jumla kuu. Shiti mpya ikafunguka yenyewe, mistari yote 412, majina, simu, madeni.

Kumbe PivotTable haitegemei shiti yako kila inapohesabu. Unapoitengeneza, huchukua nakala ya eneo lote ulilolichagua, pamoja na kolamu ambazo hukuziburuta kwenye jedwali, na kuiweka ndani ya faili. Ukifuta shiti ya mwanzo, nakala inabaki. Ukibonyeza jumla ya mtaa mmoja mara mbili, inakutolea wateja wa mtaa ule. Ukibonyeza jumla kuu, inakutolea wote. Kosa hilihili liliifanya halmashauri ya Islington, London, itozwe faini ya pauni 70,000 mwaka 2013, baada ya majedwali ya aina hii kuanika taarifa za wakazi zaidi ya 2,000. Hao wana wataalamu na ofisi nzima. Mimi nilikuwa peke yangu na kompyuta ya kuazima, lakini hilo halikumpunguzia mama yule aibu.

Sasa nafanya hivi. Sifuti kitu kwenye faili la asili, maana kila ukifuta unaacha mahali pa kusahau. Naanza na faili jipya tupu. Kwenye faili la asili nachagua kile anachohitaji mwombaji tu, kwa mfano zile jumla za mitaa, nanakili, kisha kwenye faili jipya nabonyeza kulia, `Paste Special`, halafu `Values`. Hilo neno la mwisho ndilo lenye kazi. Ukibandika kawaida, PivotTable nzima inaweza kuhama pamoja na nakala yake. Na ukibandika fomula inayosoma faili jingine, Excel huweka ndani thamani za eneo lile inalolisoma, kwa hiyo `VLOOKUP` moja inaweza kubeba orodha nzima ya wateja. `Values` inabandika namba na maandishi tu.

Kisha nahakiki. Natengeneza nakala ya faili, nabadilisha mwisho wa jina kutoka `.xlsx` kuwa `.zip`, nalifungua. Ndani kuna folda ya `xl`. Nikikuta humo moja ya hizi, faili haliendi:

```
xl/pivotCache
xl/externalLinks
```

Ipo pia `Inspect Document`, ndani ya `File`, `Info`, `Check for Issues`. Inasaidia kuondoa kolamu na shiti zilizofichwa na maoni ya pembeni. Lakini nakala ya PivotTable inakuonya tu kwamba ipo, haikuondolei. Na msikimbilie `.csv` mkidhani imesafisha: inaacha shiti nyingine, ni kweli, ila kolamu zilizofichwa kwenye shiti uliyofungua zinatoka zote. Ukiitumia, ifungue kwanza kwa `Notepad` uisome kama atakavyoisoma mwenzako.

Jambo moja lilinichelewa zaidi. Hata ukiondoa jina na simu, Tanga ni mji wa kujuana. Jedwali langu lilikuwa na mtaa wenye mteja mmoja tu wa mitungi ya kilo 15, mwenye mgahawa, na kila mtu pale anamjua. Jumla ya kilo 15 ya mtaa ule ilikuwa ni matumizi yake yeye. Siku hizi mtaa wenye wateja chini ya watano wa aina moja ya mtungi nauunganisha na jirani yake kabla ya kunakili.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Lakini ndugu zangu wenye maduka, msingoje Tume. Mteja alikupa namba umpigie gesi ikifika. Hakukupa umgawie mtu mwingine, na deni lake ni siri aliyokuwekesha kama anavyoweka fedha.

Yule dada wa vipodozi tulikaa kwenye simu dakika ishirini. Aliyetaka kumkopesha alihitaji mauzo ya kila mwezi tu, kolamu mbili, mistari kumi na miwili. Ndiyo aliyotuma.

Mama wa Makorora alilipa deni lake lote siku ileile, noti moja moja juu ya kaunta, akazihesabu kwa sauti watu wote wasikie. Hajarudi tena dukani.