Konane mwishoni: hesabu miruko ambayo mpinzani hawezi kuigusa

"Wakuu, kwenye Konane, ule mchezo wa ubao wa Hawaii ambao unakula kete kwa kuiruka na anayekosa mruko ndiye anayeshindwa, tukifika mwishoni nahesabu miruko yangu naona ni mingi kuliko ya mwenzangu, lakini nakwama mimi kwanza. Nakosea wapi?"

Mkuu, yalinikuta hayo hayo, na ninakumbuka vizuri kete zilivyokaa. Ubao ulikuwa wa sita kwa sita, herufi A hadi F kwenda kulia, namba 1 hadi 6 kwenda juu. Nilikuwa na nyeusi A1. Nyeupe zilikuwa B1 na D1, na C1, E1 na F1 zilikuwa wazi. Upande wa pili mwenzangu alikuwa na nyeupe F5, nyeusi yangu ikiwa E5, na D5 wazi. Hapakuwa na kete nyingine, na zamu ilikuwa yangu. Nikajihesabia miruko miwili na yeye mmoja, nikaona nimeshinda.

Nikaruka A1 hadi C1, nikala B1. Hapo ndipo nilipoharibu: B1 ilibaki wazi nyuma yangu, na D1 yake ilikuwa mbele yangu. Akaruka D1 hadi B1, akanila. Bado alikuwa na F5 kwenda D5, mimi sina kitu. Na hata ningeruka yote miwili kwa zamu moja hadi E1, angejibu kwa F5 na ningekwama vilevile. Mstari ule ulikuwa na thamani ya mruko mmoja tu.

Sasa ihamishe ile D1 uiweke C2, na C3 iwe wazi. Kete ni zilezile tatu. Naruka A1 hadi C1, na C2 haiwezi kunila kwa sababu chini ya C1 ubao umeisha. Yeye anatumia F5, mimi naruka C1 hadi C3, na amekwama. Hapo miwili ni miwili kweli. Ndiyo maana napenda sana kona na kingo kuliko mistari mirefu inayovutia macho.

Kwa hiyo kila mruko uujaribu hivi kabla ya kuuhesabu: nikitua, kuna nyeupe pembeni yangu na nafasi wazi upande wa pili? Na ile ninayotaka kuila, inaweza kuruka ikanikimbia kabla sijaifikia? Ukijibu ndiyo popote, usiuhesabu kama wako.

Ukishapata idadi, angalia zamu. Kama ni yako, lazima uwe na mingi kuliko yeye, sawa haitoshi. Kama ni yake, sawa inakutosha. Ila hesabu hii inafaa pale tu makundi ya kete yameshaachana. Kama bado kuna mahali ambapo anayewahi ndiye anayekula, pale C1 na D1 kwa mfano, wahi huko kwanza. Miruko salama haiendi popote, iache mwisho.