Mzee anatimiza 60, hapewi kiinua mgongo?

"Wakuu, mzee wangu anatimiza 60 mwezi wa nane, yuko kampuni binafsi hapa Moshi. Utumishi wanasema hana kiinua mgongo, aende tu NSSF. Si dhuluma hii?"

Mkuu kwa hilo hawajamdanganya. Kile kiinua mgongo cha sheria ya ajira, siku 7 za mshahara kwa kila mwaka mpaka miaka 10, mtu anayeondoka kwa umri hakimuhusu, labda mkataba wake au mkataba wa hali bora wa chama cha wafanyakazi uwe umekiandika. Vinginevyo anadai siku alizofanya kazi, likizo ambayo hajachukua, cheti cha utumishi, na kama aliajiriwa mbali basi nauli na mizigo mpaka alikochukuliwa.

Ila mimi yaliyonipata yalikuwa NSSF. Nilikuwa fundi wa pampu shamba moja la maua huku Arusha, nikatimiza 60 mwaka 2023, nimepiga pale miezi 192, nakatwa kila mwezi bila kukosa. Miezi minne kabla nikaenda kuchukua taarifa ya michango, nasoma pale dirishani nakuta 174. Miezi 18 mwajiri alikata hela yangu na hakuipeleka! Na hapo ndipo pabaya maana pensheni ya kila mwezi inataka miezi 180, ukiwa chini yake unapewa hela ya mara moja basi, mwezi ujao huna kitu.

Kilichoniokoa ni slipi, mama watoto alizihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, zingine zimefifia lakini makato yanasomeka. Nikatoa kopi, nikaandika barua, NSSF wakamfuata mwajiri na mwishowe akalipa. Nikahesabiwa 192.

Hesabu yenyewe ilikwenda hivi. Wastani wa mshahara wa miaka mitatu iliyo bora ulikuwa 900,000 kwa mwezi, yaani 10,800,000 kwa mwaka, zidisha 192 gawa kwa 580, unapata kama 3,575,000. Ya mkupuo ni hiyo mara 12.5 halafu asilimia 33, ikaja milioni 14 na laki 7 hivi. Asilimia 67 iliyobaki ya ile 3,575,000 ya mwaka gawa kwa 12, ndiyo laki mbili kasoro kidogo ninayopokea kila mwezi. Hiyo 33 ni ya kanuni ya Julai 2022, mzee aulize ya sasa.

Kwa hiyo aende wiki hii, asingoje mwezi wa nane, na aangalie tarehe ya kuzaliwa kwenye NIDA, NSSF na faili la kazini zifanane. Halafu kama kampuni wamemhesabia vibaya wakamtoa kabla ya 60 na mkataba hausemi hivyo, huko siyo kustaafu tena, ni kuachishwa kazi, afike CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ndani ya siku 30.