Friji inaangusha RCD: ni yenyewe au waya?

"Wakuu, friji yangu ya no-frost, inayojiyeyusha barafu yenyewe, inaangusha RCD, ile swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja, mara moja au mbili kwa siku. Fundi anataka kubadili waya za nyumba nzima. Nikubali?"

Mkuu, usitoe hela kwanza. Hamishia vyakula kwa jirani, kisha chomoa plagi ya friji kabisa kwa siku mbili. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi. Soketi hiyohiyo ichomeke pasi. RCD ikianguka hata friji ikiwa haipo, hapo ndipo uanze kushuku waya au soketi. Ikitulia, mshukiwa ni friji.

Yangu ilikuwa hivyohivyo: kompresa inanguruma vizuri saa nyingi, halafu ghafla giza. Kilichokuwa kinavujisha umeme ni hita ya kuyeyushia barafu, iliyoingia maji. Huwaka kila baada ya saa kadhaa tu, ndiyo maana friji ikijaribiwa dakika kumi kwa fundi inaonekana nzima. RCD ya kawaida hukata kwa miliampea 30, uvujaji mdogo mno kuangusha breka. Mita ya kawaida haikuona kitu. Mega, mita ya kupima uvujaji kwa volti 500, ndiyo iliyoonyesha: ukinzani chini ya megaomu 1.

Fundi akikwambia akate waya wa ethi ili "itulie", mkatalie. Bodi ya chuma ya friji inaweza kukupiga shoti.